Nyongeza ya 150,000 iliyonivusha daraja la kodi: kilichofika mkononi

Mwaka jana bosi aliniita akaniambia mshahara wangu utapanda kutoka 1,050,000 hadi 1,200,000. Nilitoka ofisini kwake na furaha, ila haikufika hata saa ya chakula cha mchana. Dada mmoja tunayekaa naye meza moja alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, umeangalia kodi? Kinachotozwa kodi kikipita milioni wanakukata asilimia 30. Waombe wakuache pale pale ulipo, utapata zaidi."

Hakuwa na nia mbaya, na hesabu yake ukiifanya haraka haraka inatisha kweli. Nilikuwa napokea 830,750 mkononi. Nikachukua mshahara mpya, nikatoa mchango wa NSSF 120,000, nikabaki na 1,080,000, nikaipiga asilimia 30. Kodi ikatoka 324,000, mkononi 756,000. Yaani niongezwe mshahara halafu nipokee pungufu kuliko zamani! Siku ile nilikuwa karibu kabisa kurudi kwa bosi kumwomba aache.

Kilichonizuia ni hati yangu ya mshahara ya zamani. Niliitoa jioni nikaiweka kando ya jedwali la kodi ya mishahara la TRA kwa wafanyakazi wa Tanzania Bara, lile lililoanza Julai 2021 kiwango cha kwanza kiliposhuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mstari wa mwisho wa jedwali unasema kwamba anayezidi 1,000,000 kwa mwezi analipa 128,000, jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000. Nilijiuliza hiyo 128,000 imetoka wapi, na jibu lake ndilo lililoniondolea hofu.

Mshahara unakatwa kama mkate, kipande kwa kipande. Kipande cha kwanza, hadi 270,000, hakiguswi. Kinachofuata, hadi 520,000, ni shilingi 250,000 kwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Kutoka hapo hadi 760,000 ni 240,000 kwa asilimia 20, yaani 48,000. Kutoka 760,000 hadi milioni ni 240,000 nyingine kwa asilimia 25, yaani 60,000. Jumlisha hizo tatu unapata 128,000 kamili. Kumbe ile namba si adhabu ya kuvuka milioni. Ni kodi ya vipande vya chini, ileile anayolipa kila mtu aliyevipitia. Asilimia 30 inagusa kile kinachomwagikia juu ya milioni tu.

Baada ya hapo nikaacha kuhesabu mshahara mzima, nikaifuata ile 150,000 peke yake nione inapotelea wapi.

Kwanza NSSF. Kwetu mfanyakazi anachangia asilimia 10, kwa hiyo 15,000 zikaenda huko. Hii inatoka kabla ya kodi, na hapo ndipo wengi tunapokosea: daraja la kodi halipimwi kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, linapimwa kwa kinachobaki baada ya mchango wa mfuko. Kwa mtu anayekatwa asilimia 10 kama mimi, mshahara wa mkataba lazima ufike kama 1,111,000 ndipo aguse asilimia 30. Ndiyo maana hapo zamani nilikuwa na mshahara wa 1,050,000 na bado nilikuwa daraja la asilimia 25, kwa sababu kiasi changu cha kutozwa kodi kilikuwa 945,000.

Zilibaki 135,000. Kutoka 945,000 hadi milioni kulikuwa na nafasi ya 55,000, na hizo zikakatwa asilimia 25, yaani 13,750. Zilizobaki, 80,000, ndizo zilizovuka, zikakatwa asilimia 30, yaani 24,000. Kodi yote ya nyongeza ni 37,750. Ukiijumlisha na ile 15,000 ya NSSF, makato ni 52,750, na mkononi zinaongezeka 97,250. Mshahara wa kupokea unatoka 830,750 unakuwa 928,000.

Kuvuka lile daraja kulinigharimu kiasi gani basi? Asilimia 5 zaidi juu ya 80,000: shilingi 4,000. Hicho ndicho kitu nilichokuwa tayari kukikimbia kwa kuacha zaidi ya 97,000 kila mwezi.

Kesho yake nilimpelekea dada yule karatasi yangu. Aliipitia kimya mstari kwa mstari, halafu akasema, "Lakini mimi mwaka ule nilipoongezwa sikuona kitu." Nikamwomba hati yake. Yeye anarejesha mkopo wa chuo, na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, bila kupunguza kodi hata kidogo. Kwa nyongeza kama yangu, mkopo peke yake ungechukua 22,500 zaidi, na mkononi angebaki na 74,750, karibu nusu ya alichoahidiwa. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, ila lawama aliielekeza kwenye kuvuka daraja la kodi wakati mkopo, mstari wa chini yake, ulimkata zaidi ya hapo. Akauliza kama ingefaa nyongeza iandikwe kama posho ya usafiri ili isivuke. Posho ya fedha taslimu inayolipwa kila mwezi pamoja na mshahara nayo huhesabiwa kwenye kodi, kwa hiyo njia hiyo isingemsaidia.

Mwisho wa mwezi ujumbe wa benki ukaingia: 892,000. Zimepungua 36,000.

Kama nisingekuwa na hesabu yangu, ningeamini kabisa kwamba "ndiyo asilimia 30 hiyo". Nilifungua hati ya mshahara, nikakuta kodi imeandikwa 188,000 badala ya 152,000. Nikaitazama ile tofauti ya 36,000 kwa muda, mpaka nikaona ni asilimia 30 ya 120,000 kamili. Na 120,000 ndiyo NSSF yangu. Maana yake kodi ilipigwa juu ya mshahara wote kabla mchango haujatolewa.

Nilikwenda kwa mhasibu na karatasi mkononi. "Kaka, naomba tuangalie mstari wangu pamoja." Alifungua Excel. Alipoandaa mstari mpya kwa daraja langu alikuwa ameandika fomula ya kwanza kati ya hizi, akielekeza kwenye safu ya mshahara wote, wakati ilipaswa kuwa ya pili, inayosoma safu ya kinachobaki baada ya NSSF:

```
=128000+(B7-1000000)*30%
=128000+(D7-1000000)*30%
```

Herufi moja tu. Alibadilisha B kuwa D, kodi ikashuka hadi 152,000 mbele ya macho yetu. Akasema, "Samahani sana dada, pesa yako itarudi mwezi ujao," kisha akaanza kukagua mistari ya wengine mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata ujumbe wa benki ulisoma 964,000: zile 928,000 zangu, na 36,000 zilizorudi.