Kwa nini "dok-rip-mun" inatamkwa "dongnimmun"

Hapa Seoul, kwenye laini namba 3 ya treni za chini ya ardhi, kuna kituo kilichopewa jina la Lango la Uhuru, lango la mawe lililojengwa mwaka 1897. Kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea, kimeandikwa 독립문: dok, rip, mun. Lakini kwa herufi za Kilatini kimeandikwa Dongnimmun, na ndivyo watu wanavyokitamka. Yote mawili ni sahihi. Hangul inatunza asili ya neno, ilhali herufi za Kilatini, kwa utaratibu uliotolewa mwaka 2000, zinafuata matamshi.

Chanzo ni konsonanti inayofunga silabi, Wakorea wanaiita patchim. Chukua neno bap, yaani wali. Midomo inafumba kwa ile p na kubaki imefumba, pumzi haitoki. Sisi tuliozoea silabi za kuishia na irabu tunaiachia, tunasema "bapu", na Mkorea anasikia silabi mbili.

Sasa p hiyo ikifuatwa na m au n, pumzi inaanza kupita puani mapema, kabla midomo haijafumbuka. P inageuka m. Kwa njia hiyohiyo t inakuwa n, na k inakuwa ng', kila moja ikibaki palepale inapofungiwa mdomoni.

Rudi kwenye dok-rip-mun. Kwanza, r ikitanguliwa na k haibaki r, inakuwa n: dok-nip-mun. K sasa imekutana na n, inakuwa ng': dong-nip-mun. Mwisho p inakutana na m: dong-nim-mun. Kituo cha Wangsimni kimepita njia hiyo pia, maana kinaandikwa wang-sip-ri.

Kiswahili nacho hubadili sauti zinapokutana: ulimi, ndimi, ubao, mbao. Ila sisi tunaandika badiliko lenyewe, Wakorea hawaliandiki. Na naona wana sababu nzuri. Neno la bei, 값, linafungwa na p na s kwa pamoja. Likisimama peke yake unasikia kap. Likipata kiambishi i, ile s inahamia silabi inayofuata, unasikia kapsi. Likifuatwa na man, yaani "tu", unasikia kamman. Kwa macho ni neno lilelile kila mara, na kwenye kamusi unalitafuta mahali pamoja. Ukiandika kwa kufuata sikio, utatafuta "kam" ya bei na hutaipata.

Kwa hiyo ukisikia neno usilolijua lenye m kabla ya n au m nyingine, jaribu pia p. "Bam mogosso?" utakayoulizwa na jirani ni bap: umekula? Akitua kidogo katikati, baada ya neno la kwanza, p yake inarudi.