Ukungu kwenye mafuta ya alizeti si uchakachuaji

Nilishaambiwa na watu wengi kwamba mafuta mazuri ni yale yanayong'aa, na yenye ukungu yamechakachuliwa. Kwa ushauri huo nikamrudishia mama mmoja wa Singida dumu lake la lita tano. Aliniambia, "Dada, hiyo ni nta ya alizeti tu, ukiyaanika juani yanatakata." Sikumsikiliza. Nikanunua ya dukani, yanang'aa kama kioo, na ua kubwa la alizeti kwenye lebo. Bei ilizidi kidogo.

Nikasafiri nayo Njombe mwezi wa saba. Asubuhi ya pili nainamisha chupa, hayatoki. Nusu ya chini imeganda, nyeupe, chengachenga kama uji wa sembe uliopoa. Hapo ndipo nikasoma lebo sawasawa. Mbele: "Mafuta ya kupikia ya mimea", neno alizeti hakuna, ua tu. Nyuma, kwa herufi ndogo: mawese kwanza, kisha alizeti. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo nilikuwa nimebeba mawese. Mawese huanza kuganda kwenye baridi ya kawaida ya nyanda za juu. Alizeti hayagandi hivyo.

Niliporudi nikajaza vikombe vitatu vya kioo, nikaviweka kwenye friji usiku kucha, si kwenye friza. Ya mchanganyiko yaliganda. Ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani, ya manjano hafifu na yasiyo na harufu, yalibaki maangavu, kwa sababu kiwanda huyapoza na kuchuja nta kabla ya kuyajaza kwenye chupa. Ya Singida, ya rangi ya dhahabu iliyokolea, yalijaa ukungu, na nyuzinyuzi laini zikatua chini kama pamba. Nikakiweka kikombe hicho kwenye maji ya moto, ukungu wote ukayeyuka. Yule mama alisema kweli.

Ila kuna ukungu mwingine ambao hautoki kwa joto: maji au vumbi la mashudu. Tia kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu kilicho motoni. Yakipasukapasuka, yana maji. Na friji haigundui kila kitu: mafuta ya soya yaliyosafishwa hayagandi humo, kwa hiyo mchanganyiko wa soya utapita.

Kuhusu wauzaji wanaosema mafuta yao "yamekamuliwa baridi", yaani bila kupashwa moto, hapo pua ndiyo inasema. Mashine za kukamua hupata moto zenyewe, na wengine hupasha mbegu kwanza ili mafuta yatoke mengi. Hayo huwa mekundu kahawia na yananukia kama karanga za kukaanga. Ya baridi hunukia mbegu mbichi. Siku hizi nafungua kifuniko mbele ya muuzaji nikayanusa, na asipokubali, siyanunui.