Nilivyofanikiwa kuandika mzunguko wa Agbadza na kuitikiana kwake

Nataka nielezee vile nilivyotoka kwenye kuandika maneno matupu kuhusu ngoma mpaka nikaweza kuandika kitu ambacho mtu ambaye hajawahi kuisikia anaweza kukipiga mezani kwa vidole. Ngoma yenyewe ni Agbadza ya Waewe, watu wa kusini mashariki mwa Ghana na kusini mwa Togo, ni ngoma ambayo asili yake wanasema ni ya vita ila siku hizi utaikuta kwenye misiba na sherehe, watu wanacheza wote wazee kwa vijana. Mi niliifuata nikiwa masomoni Accra, nilikuwa na mwalimu wa ngoma wa Kiewe na nilikuwa na kazi ya kuandika kurasa kama thelathini hivi.

Rasimu ya kwanza niliandika hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Midundo mingi tata inaingiliana huku kiongozi akiita na kundi likiitikia." Supavaiza wangu akaizungushia duara akaandika pembeni swali moja tu, mguu unatua wapi? Nikakaa na hiyo karatasi siku mbili sina jibu, maana nilikuwa nimerekodi dakika arobaini za muziki na nimeusikiliza mpaka nikaukariri, lakini nikijaribu kupiga mguu naona mguu unahama, mara nipo sawa mara nipo nje.

Tatizo kumbe nilikuwa nafuata kengele. Agbadza ina kengele ya chuma yenye midomo miwili, inaitwa gankogui, na ndiyo inayorudia kitu kilekile mwanzo mpaka mwisho haibadiliki. Profesa Nketia wa Ghana ndiye aliyeipa kazi ya aina hii jina ambalo mi naliweka kwa Kiswahili kama mstari wa muda, yaani ndiyo inayowaonyesha wengine wote wapo wapi. Sa ukiambiwa kengele ndiyo inaongoza unadhani basi mapigo yake ndiyo mapigo ya mguu, hapo ndo unapotea. Angalia hapa, nimegawa mzunguko mmoja kuwa visanduku 12 vilivyo sawa, x ni pigo na nukta ni kimya, na kagan ni ngoma ndogo nitakayoieleza chini:

```
Sanduku: 1  2  3  4  5  6  7  8  9 10 11 12
Mguu:    x  .  .  x  .  .  x  .  .  x  .  .
Kengele: x  .  x  .  x  x  .  x  .  x  .  x
Kagan:   .  x  x  .  x  x  .  x  x  .  x  x
```

Mguu unatua mara nne, 1, 4, 7 na 10. Kengele inalia mara saba, lakini inakutana na mguu sehemu mbili tu, kwenye 1 na kwenye 10. Kwenye 4 na 7 kengele iko kimya, mguu unatua peke yake. Na kuna mtego mwingine mbaya zaidi, mapigo matatu ya kwanza ya kengele ni 1, 3, 5, yanaruka kisanduku kimojakimoja, kwaiyo sikio linazoea linasema aah tunaenda mbilimbili, af ghafla inakuja 6 halafu 8, 10, 12, mwendo ni uleule wa mbilimbili ila umehamia upande wa pili. Mi ndo pale mguu wangu ulikuwa unahama, nusu ya kwanza nafuata upande mmoja, nusu ya pili navutwa upande mwingine, kila mzunguko.

Nilichofanya nikaacha rekodi za sauti kwanza nikarudi kwenye video, nikazima sauti kabisa nikaangalia miguu ya wachezaji. Nikahesabu hatua kwa dakika nzima, halafu nikawasha sauti nikahesabu kengele ya mdomo wa chini, ile nzito, ambayo mwalimu wangu alikuwa anaipiga mara moja tu kwa mzunguko, kwenye 1. Ikatoka hatua nne kwa kila kengele nzito. Hapo ndo nikajua mguu ni mapigo manne, sio sita. Ukitaka kujiangalia kama umekosea dalili ni hii, piga mguu wako huku ukisikiliza kagan, ile ngoma ndogo nyembamba yenye sauti ya juu. Kagan inapiga mara mbilimbili na inanyamaza pale mguu unapotua. Kama mguu wako unagongana na kagan basi uko nje, rudi.

Kuhusu kuandika kwa noti za kizungu, nilijaribu na sishauri uanzie hapo. Mtafiti A. M. Jones mwaka 1959 alichapisha ngoma za Waewe kwa noti na kila ngoma akaipa mistari yake ya kugawia, ya huyu imeanzia hapa ya yule pale, na ni kazi kubwa sana aliifanya kwa makini, ila ukisoma ukurasa wake huuoni ule mguu mmoja ambao wote wanaushika. Unaona watu watano kila mtu ana njia yake. Visanduku, ambavyo mtafiti James Koetting aliviandikia mwaka 1970, vinakulazimisha uweke wote kwenye ngazi moja, na msomaji asiyejua noti anasoma vilevile.

Sasa kuitikiana. Hapa ndo nilikaa muda mrefu maana neno lenyewe linatudanganya, unasema mmoja anaita wengine wanaitikia, unadhani anaita, ananyamaza, wanaitikia, wananyamaza, kama darasani. Nikachukua wimbo mmoja kwenye rekodi zangu, nikaufungua kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, kila kengele nzito nikaiwekea alama, mzunguko mmoja kwenye rekodi ile ulikuwa kama sekunde mbili. Halafu nikatafuta mambo manne tu: mwimbishaji anaingia kisanduku gani, anatoka kipi, waitikiaji wanaingia kipi, wanatoka kipi.

Ikawa hivi. Mwimbishaji anaingia kwenye 3 ya mzunguko wa kwanza, hata haingii kwenye 1, anaiacha kengele nzito ipite. Silabi yake ya mwisho inatua kwenye 1 ya mzunguko wa tatu. Lakini waitikiaji wameshaingia tangu 11 ya mzunguko wa pili, yaani visanduku vitatu wanaimba wote kwa pamoja, yeye anamalizia wao wanaanza. Wanaenda mpaka 7 ya mzunguko wa nne wanaachia, halafu visanduku saba vinavyofuata hakuna mtu anayeimba, ni kengele na ngoma tu, mpaka mwimbishaji arudi kwenye 3. Duru moja ya wimbo ni mizunguko minne, kama sekunde nane.

Ile sehemu ya visanduku vitatu vya kupandana na vile saba vya kimya nilikuwa siisikii kabisa kabla sijaiandika. Nilikuwa nasikia "anaita wanaitikia". Na ndo utamu wenyewe uko pale, wimbo haukatiki katikati kwa sababu mwisho wa mmoja umefunikwa na mwanzo wa wengine, af unapokatika unakatika mwishoni tu, na pale ndipo ngoma kubwa inaposikika ikiongea. Nilipocheki duru sita zilizofuata mwimbishaji alibadilisha maneno na mara mbili alichelewa kuingia, akaingia kwenye 5 na mara nyingine 6, lakini waitikiaji hawakuhama hata siku moja, 11 ni 11. Kwaiyo kwenye maandishi nikatenganisha, kuingia kwa mwimbishaji nikasema kuna uhuru, kuingia kwa waitikiaji nikasema kumefungwa kwenye mzunguko.

Kwenye ngoma zenyewe kuitikiana kuna sura nyingine. Sogo, ile ngoma kubwa, ndo kiongozi kwenye Agbadza, na kidi ndo inayojibizana nayo. Kwenye somo la kwanza nililofundishwa, na somo hapa ni mpangilio wa mapigo unaorudiwa, kidi inapiga mara tatu kwa kuachia, fimbo inadunda ngozi inalia, halafu mara tatu kwa kubana, fimbo inabaki imekandamizwa kwenye ngozi sauti inakufa, na inarudia hivyo mara mbili kwa mzunguko. Usikosee ukaandika yote kama pigo moja, kwenye chati yangu ya kwanza nilikosea hilo, nikaweka x kila sehemu na ikaonekana kidi inapiga bila kupumua wakati anayesikiliza anasikia matatu na nafasi. Baadaye kuachia nikaandika herufi kubwa X na kubana herufi ndogo b.

Swali likawa, nitajuaje kidi inaitikia kweli au inaenda tu mzunguko wake? Nilimuomba mwalimu aniruhusu nikae kwenye kidi na yeye kwenye sogo, nikawasha simu irekodi. Akipamba ndani ya somo lilelile mi sikutakiwa kubadilika hata kidogo, nikijaribu kumfuata ananikata jicho. Lakini akipiga lile pigo la kuleta somo jipya natakiwa nihame, na nikichelewa anarudia mpaka nihame. Basi kipimo nilichotumia kwenye kurasa zangu ni hicho, kiongozi akibadilika na mwenzake habadiliki huo ni mshikilio, kiongozi akibadilika na mwenzake akahama hiyo ndo itikio. Kwetu ukifikiria chapuo na vumi utaelewa haraka, kuna ngoma ya kushikilia na kuna ngoma ya kusema, ila usichukue majina ya kwetu ukayabandika kwa Waewe, kazi hazilingani moja kwa moja.

Ile sentensi ya kwanza ikageuka hivi: "Waitikiaji huingia kwenye kisanduku cha 11, visanduku viwili kabla ya kengele nzito, wakati mwimbishaji hajamaliza, sauti zao hupandana mpaka kengele hiyo inapolia." Ni ndefu na haina mapambo lakini mtu anaweza kuibishia, akachukua rekodi akasema hapana sio 11 ni 10.

Visanduku vina mpaka wake pia. Vinasema mapigo yote yako sawa na si kweli, nilipokuza mawimbi kwenye Audacity yale mapigo mawili ya kagan hayakuwa na umbali uleule kila mara, na hilo sikulichora, nililiandika kwa maneno chini ya chati.

Kabla ya kukabidhi nikampelekea mwalimu chati, hazoei kusoma vitu kama hivyo kwaiyo nikampigia mezani kwa mkono, kengele mkono wa kulia mguu chini, nikaishia kwenye 12. Akaniambia bado hujamaliza. Nikarudia, nikaishia 12 tena, akanyoosha kidole akagonga meza mara moja baada yangu, kwenye 1. Akasema hapo ndo nyumbani, huwezi kuniacha mlangoni. Nikarudi nikaongeza safu ya 13 kwenye chati zote, nikaiandika 1.