Ninavyosoma kontua na vimo vya nukta kabla ya kuweka nyumba kwenye kiwanja

Mfano ninaoutumia hapa ni kiwanja cha mteremko, aina inayopatikana sana Goba na Kimara jijini Dar es Salaam: mita 20 kwa 30, barabara iko juu na bonde liko nyuma. Ramani ya upimaji ni ya skeli 1:200 na kontua zimeachana kimo cha nusu mita.

Kabla ya kusoma namba yoyote ya kimo, naweka rula kwenye upande wa mita 20. Kwa skeli hiyo lazima upate sentimita 10 kamili. Ukipata 9.4, karatasi imepunguzwa wakati wa kuchapa au kutoa kopi, na kila umbali utakaoupima utakuwa wa uongo. Kisha natafuta vimo vimeanzia wapi. Kwenye ramani hii bikoni moja ya kona imepewa 100.00, kwa hiyo 97.50 ni mita mbili na nusu chini ya bikoni hiyo, si kimo kutoka usawa wa bahari. Usichanganye vimo hivi na vya ramani ya jirani iliyopimwa na mtu mwingine.

Sasa mistari. Kontua moja inaunganisha sehemu zote zenye kimo kimoja. Nafuata ile iliyokolezwa, 97.5, halafu nahesabu kwa nusu nusu: kuelekea barabarani 98.0, 98.5, 99.0, kuelekea bondeni 97.0, 96.5, 96.0. Sehemu ya juu ya kiwanja mistari imeachana milimita 20 kwenye karatasi, yaani mita 4 ardhini. Nusu mita ndani ya mita 4 ni mteremko wa 1 kwa 8, unajengeka bila taabu kubwa. Mita 7 za mwisho mistari imebanana hadi milimita 10, yaani 1 kwa 4. Hapo sipeleki nyumba.

Kona ya nyumba mara nyingi haiangukii juu ya mstari. Kona ya mbele iko kati ya 98.0 na 98.5, milimita 6 kutoka 98.0. Nagawanya 6 kwa 20, nazidisha kwa 0.5, napata 0.15, kimo cha kona ni 98.15. Kona ya nyuma, mita 10 chini yake, kwa hesabu hiyohiyo inatoka 96.90. Tofauti ni mita 1.25. Nikiweka sakafu 98.30, mbele itapanda sentimita 15 tu juu ya ardhi, lakini nyuma itasimama mita 1.40. Huo ndio ukuta wa msingi na kifusi ambavyo wengi hawaviweki kwenye bajeti. Na barabara inasoma 99.30, mita nzima juu ya sakafu, kwa hiyo mtaro wa kukata maji mbele ya nyumba ni wa lazima. Afadhali maji taka yatashuka yenyewe kwenda kwenye shimo nyuma.

Jambo linalowapotosha wanaoanza ni mistari inapopinda. Upande wa kushoto kontua zote zinachongoka kuelekea barabarani, yaani kuelekea namba kubwa. Huo ni mkondo wa maji, hata kama siku ya kiangazi unaona nyasi tupu. Zingechongoka kuelekea namba ndogo, ungekuwa mgongo. Vimo vya nukta, yaani namba za kimo zilizoandikwa kando ya kila nukta iliyopimwa, vinathibitisha: ukivuka mkondo kwa mstari ulionyooka unasoma 97.62, 97.28, 97.60. Katikati kuna upungufu wa zaidi ya sentimita 30. Ukijenga uzio kukatiza hapo bila kuacha tundu la maji, mvua za masika zitausukuma.

Nikipata tofauti kati ya kontua na nukta, naamini nukta. Nukta ilisimamishiwa chombo. Kontua imechorwa na programu kwa kukisia katikati ya nukta. Nukta zikiwa mita 10 kutoka moja hadi nyingine, shimo la mita 4 linaweza lisionekane kabisa. Kontua zinazoendelea nje ya nukta za mwisho sizihesabu. Angalia pia maandishi ya pembeni ya nukta, maana namba nyingine ni ya juu ya ukuta au ya lami, si ya udongo.

Kabla ya kuchimba msingi nachagua nukta mbili zinazotambulika, kama bikoni na ukingo wa kalavati, na fundi anapima tofauti yake kwa mpira wa maji. Ikipishana na ramani kwa sentimita 2 au 3, sina shida. Ikifika 20, aidha mpira una mapovu ya hewa, au kuna kifusi kilichomwagwa baada ya upimaji. Mapovu tunayatoa na kupima upya. Ikibaki hivyohivyo, namwita mpimaji.