Harufu ya sebuleni ilikuwa kwenye mito

Nimeacha kupuliza manukato ya kopo sebuleni, na nyumba inanukia vizuri kuliko zamani. Manukato yale hufunika harufu tu. Yakiisha nguvu, ile ya mwanzo inarudi palepale, kwa sababu imeshikwa na vitambaa. Ukitaka kujua ni kipi, kaa nje dakika 10 hivi, maana pua huzoea harufu ya ndani, kisha rudi unuse pazia na mito ya kochi kwa karibu. Kwangu mapazia hayakuwa na neno. Mito ndiyo ilikuwa na uvundo.

Nilivua foronya, nikazifua kwa sabuni, nikazisuuza kwa maji yenye nusu kikombe cha siki nyeupe (usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi ya sumu). Mito yenyewe niliianika juani mpaka ikakauka ndani kabisa. Ikibaki na unyevu, uvundo unarudi.

Kila asubuhi nafungua madirisha mawili yanayotazamana, hewa ipite moja kwa moja. Manukato huja mwisho: maganda ya limau na karafuu chache kwenye sufuria isiyofunikwa, moto mdogo, naongeza maji yanapopungua.