Blanketi Lenye Vitanzi

Juzi mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Khalati, mbona blanketi hili lina vitanzi pembeni?" Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa studio yangu. Jibu halikumtosheleza, nami nikabaki nikiukumbuka usiku ule wa Kibokoni, nilipokuwa nikisoma na kurekodi kwa simu maelezo ya filamu fupi ya Ngome ya Yesu.

Nilichagua saa tisa usiku, kwa kuwa blanketi hufifisha mwangwi wa chumbani lakini halizuii kelele za nje, na saa hiyo tuktuk zimelala, kunguru hawajaamka, na adhana ya alfajiri bado. Mablanketi mawili niliyatundika kwa vitanzi vyake yakanizunguka, la tatu nikalitandika mezani. Simu niliizima mtandao, nikaisimamisha shubiri moja kutoka kinywani, upande kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isikipige kipaza sauti. Pangaboi likazimwa, na kwa joto la Mombasa jasho likaanza kunitiririka shingoni kabla sijamaliza aya ya kwanza. Mwisho nilinyamaza nusu dakika simu ikiendelea kurekodi, ili niupate ukimya wa chumba chenyewe wa kuzibia mapengo.

Asubuhi nilisikiliza mara mbili, nikaridhika. Mara ya tatu nilishika penseli, nikaipitisha juu ya kila neno la hati kadiri sauti ilivyokwenda, na penseli ikanikwamia kwenye mwaka. Hati ilisema Wareno walianza kuijenga ngome 1593. Mimi nilikuwa nimesema "elfu moja mia tano tisini", basi, na kuvuta pumzi. "Na tatu" haikuwamo. Nilirudisha nyuma mara nne, tano, na kila nilipoyaondoa macho kwenye karatasi nilikuwa karibu kuapa kwamba naisikia. Sikio langu lilikuwa limeijaza lenyewe, kwa sababu nilikuwa naujua mwaka.

Usiku uliofuata nilirekodi sentensi hiyo moja, saa ile ile, shubiri ile ile, nikaipachika. Ikasikika kama imetoka mtungini. Nilihangaika mpaka nikakumbuka kwamba blanketi la mezani lilikuwa limerudi kitandani kwa mama, na ubao mtupu ulikuwa ukiirudisha sauti. Nililitandika tena, nikaanza kusoma sentensi mbili nyuma ili nifike kwenye mwaka na mwendo wa awali, kisha nikaukata mwanzo wa kipande penye pumzi na kuuziba kwa ule ukimya wa chumba.

Waliotazama filamu hawakusema lolote kuhusu kiungo hicho. Mimi bado nakisikia, ingawa baada ya usiku ule sina hakika kama nakisikia kweli au najua tu mahali kilipo.