Mlango wa mninga: kani za bawaba kabla ya kutoboa

Mlango wa mbele umeshapigwa msasa na kitasa kimeingia. Ni mninga mtupu, unene milimita 45, upana sentimita 90, urefu mita 2.1. Nimeamua kuufunga kwa bawaba mbili tu, lakini kabla ya kushika drili nataka kujua zile mbili zitavutwa kiasi gani. Fundi jirani, mzee aliyefunga milango mingi kuliko umri wangu, alipita akauangalia akasema, "Mwanangu, huu weka bawaba tatu ulale usingizi." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, ngoja kwanza nipige hesabu." Akacheka, akakaa kutazama.

Hesabu inahitaji vitu vitatu: uzito wa mlango, umbali wa kitovu cha uzito kutoka kwenye bawaba, na umbali kati ya bawaba yenyewe kwa yenyewe. Cha tatu unakichagua mwenyewe. Viwili vya kwanza nilivipata kwa mizani ya kupimia watu. Nililaza mlango juu ya vipande viwili vya fito, kimoja chini ya ukingo wa bawaba na kingine chini ya ukingo wa kitasa, mizani ikiwa chini ya fito moja na tofali la kimo kilekile chini ya nyingine. Upande wa kitasa ulisoma kilo 31. Nilipohamishia mizani upande wa pili ikasoma 29. Jumla kilo 60, na kitovu cha uzito kiko 31/60 ya upana, yaani sentimita 46.5 kutoka ukingo wa bawaba. Ningekisia nusu kamili, sentimita 45, lakini kitasa cha chuma kimekivuta kidogo upande wake.

Bawaba ya juu nitaiweka sentimita 20 kutoka juu, ya chini sentimita 30 kutoka sakafuni. Kati yao inabaki mita 1.6.

Sasa mlango unaning'inia. Uzito wake, 60 × 9.8 = nyutoni 588, unashuka katikati ya ubao wakati bawaba ziko pembeni. Kwa hiyo mlango unataka kupinduka: juu unajitoa kwenye mwimo, chini unausukuma mwimo. Chukua bawaba ya chini kuwa egemeo. Kani yoyote inayopita kwenye egemeo haina momenti, yaani haina nguvu ya kupindua, hivyo bawaba ya chini inatoka kabisa kwenye hesabu. Mzigo wa wima wa bawaba ya juu nao unatoka, kwa sababu unapita kwenye mstari uleule wa wima. Vinabaki viwili tu: uzito unaopindua, na mvuto wa mlalo wa bawaba ya juu unaozuia.

```
H × 1.6 = 588 × 0.465
H = 273.4 / 1.6 ≈ 171 N
```

Hiyo ni kama kuning'iniza kilo 17 na nusu. Na kwa kuwa mlango hauendi kushoto wala kulia, bawaba ya chini lazima isukume nyutoni 171 zilezile kinyume.

Sikutaka kuamini karatasi peke yake. Fremu tayari imesimama ukutani, kwa hiyo nilifunga bawaba ya chini tu kwa muda, nikatia pete kwenye ukingo wa mlango pale bawaba ya juu itakapokaa, na nyingine ukutani, hatua moja nje ya mwimo, kimo kilekile. Katikati nikaweka mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, huku mdogo wangu akishika upande wa kitasa hadi kamba ikaze. Alipoachia taratibu mizani ikatulia kati ya kilo 17 na 18. Kamba ilale sawa kwa pima maji. Ikipanda mshazari itasoma zaidi, maana ni sehemu tu ya mvuto wake inayofanya kazi ya mlalo.

Kuna kitu ambacho momenti hazikisemi hata ukizikamua: kila bawaba inabeba kiasi gani cha zile nyutoni 588 za wima. Jumla inajulikana, mgawanyo haujulikani. Unategemea ufundi. Patasi ikikata kitanda cha bawaba moja milimita moja juu kuliko kinavyotakiwa, bawaba moja itabeba mlango wote na nyingine itashika tu. Utaona kwenye vifundo, zile pete za bawaba zinazozunguka pini: karatasi ikipita kirahisi pale kifundo cha mlango kinapopaswa kukalia kile cha mwimo, bawaba hiyo haijabeba kitu. Ile 171 haibadiliki kwa vyovyote.

Milango ya kale ya Zanzibar haina utata huo. Inazunguka kwenye ncha za juu na chini badala ya bawaba, na ncha ya chini ndiyo inayobeba uzito wote. Tena ni ya mabawa mawili. Huu wangu ningeupasua katikati, kila bawa lingekuwa na nusu ya uzito na nusu ya umbali kutoka egemeo, yaani robo ya momenti.

Nyutoni 171 kwa skrubu tatu zilizokaa vizuri kwenye mninga ni kidogo. Ninachokihofia ni watoto. Mtoto wa kilo 25 akibembea kwenye kitasa, sentimita 83 kutoka bawaba, anaongeza 245 × 0.83 / 1.6, nyutoni 127. Hana hata nusu ya uzito wa mlango, lakini kwa mvuto anafika karibu robo tatu yake, kwa sababu ameshika mwisho kabisa. Jumla inafika 298.

Skrubu za upande wa mlango kwenye bawaba ya juu huvutwa zing'oke muda wote, mlango ukiwa umefungwa au wazi. Zile za upande wa mwimo huvutwa hivyo mlango ukiwa umefungwa. Ukifunguliwa nyuzi 90 kani inazigeukia ubavuni. Kwa hiyo skrubu ndefu naziweka kwanza kwenye mlango. Tena nimeshusha bawaba mpaka ikapita chini ya kiungo cha juu: skrubu ikiingia kwenye ncha ya ulimi wa kiungo hicho inaingia kwenye nyuzi za mbao zilizokatwa, na hapo haishiki vizuri.

Mzee aliuliza, "Na zikilegea utajuaje?" Nikamchorea. Bawaba ya juu ikitoka milimita 2, mlango unazunguka kwenye ya chini: kona ya juu upande wa kitasa inasogea 2 × 1.8/1.6, milimita 2.25, kuelekea mwimo wake, na upande wa kitasa unashuka karibu milimita 1.1. Nimeacha nafasi ya milimita 3, kwa hiyo kona itaanza kukwaruza bawaba ikitoka kama 2.7. Dalili ya mapema ni nafasi kupanuka juu upande wa bawaba. Mlango ukikwaruza chini huku nafasi hiyo haijabadilika, usilaumu bawaba. Angalia unyevu au sakafu.

Alisema bado angeweka tatu. Nilimwambia ya tatu nikiiweka katikati haitapunguza sana mvuto wa juu, ila nikiisogeza karibu na ya juu watagawana. Akakubali hapo, akaongeza kwamba yeye huiweka hukohuko juu.

Kesho natoboa matundu ya mwongozo na kuweka kabari chini ya mlango, ili bawaba zote mbili zikae kwenye vitanda vyao kabla hazijaanza kubeba.